Njia Nne za Digrii 90: Pale Tufe na Elipsoidi Zinapoachana

Chukua njia nne juu ya uso wa dunia, kila moja ikiwa na upana wa digrii 90 kamili. Ya kwanza inaanzia latitudo 45 kusini na kupanda juu ya mstari mmoja wa longitudo hadi latitudo 45 kaskazini. Ya pili inaanzia ikweta na kuishia kwenye Ncha ya Kaskazini. Ya tatu inafuata ikweta yenyewe kwa robo ya mzunguko wake. Ya nne inaanzia latitudo 45 kaskazini, inapita juu ya Ncha, kisha inashuka upande wa pili wa dunia hadi latitudo 45 kaskazini tena.

Ukizipima kwa fomula ya haversini, ambayo huichukulia dunia kuwa tufe lenye nusukipenyo cha kilomita 6,371, zote nne zinatoka na urefu mmoja: kilomita 10,007.5. Ukizipima juu ya elipsoidi ya WGS84, yaani umbo la tufe lililobonyea kidogo nchani ambalo ndilo GPS inalitumia, kila moja inapata urefu wake. Ya kwanza ni kilomita 9,969.9, ya pili ni 10,002.0, ya tatu ni 10,018.8 na ya nne ni 10,034.0. Kati ya fupi na ndefu kuna pengo la kilomita 64, ilhali tufe haikuona tofauti yoyote.

Ninaanza na njia hizi kwa sababu zinaondoa dhana mbili ambazo nimezikuta mara nyingi kwa watu wanaoandika programu za ramani. Dhana ya kwanza ni kwamba kosa la tufe ni asilimia fulani isiyobadilika, hivyo ukijua urefu wa njia unajua na ukubwa wa kosa. Dhana ya pili ni kwamba kosa hilo linaweza kuondolewa kwa kuchagua nusukipenyo bora zaidi. Tazama tena takwimu za hapo juu: tufe imezidisha njia ya kwanza kwa kilomita 37.7 na ya pili kwa 5.6, kisha imepunguza ya tatu kwa 11.2 na ya nne kwa 26.5. Ukiongeza nusukipenyo ili kuziponya mbili za mwisho, unaziumiza zaidi mbili za mwanzo. Hakuna namba moja itakayozitosheleza zote, kwa kuwa tatizo haliko kwenye ukubwa wa tufe bali kwenye umbo.

Umbo lenyewe ni jepesi kulieleza. Dunia inajizungusha, na mzunguko huo umeifanya ivimbe kidogo kwenye ikweta na kubonyea kwenye ncha. Katika WGS84, umbali kutoka kitovu hadi ikweta ni mita 6,378,137, na kutoka kitovu hadi ncha ni takriban mita 6,356,752. Tofauti ni kilomita 21.4, yaani sehemu moja kati ya 298. Hapa ndipo wengi wanapokata shauri kwamba kosa la tufe haliwezi kuzidi theluthi moja ya asilimia. Hesabu hiyo inaonekana ya busara, lakini imepima kitu kisichohusika.

Umbali unaosafiriwa juu ya uso hautegemei moja kwa moja jinsi ulivyo mbali na kitovu cha dunia. Unategemea mpindo wa uso mahali ulipo. Latitudo tunayoipata kutoka GPS au kutoka ramani si pembe inayopimwa kitovuni. Ni pembe kati ya bapa la ikweta na mstari unaosimama wima juu ya elipsoidi pale uliposimama. Kwa hiyo kusafiri digrii 1 ya latitudo maana yake ni kwenda kaskazini au kusini mpaka mstari huo wa wima uwe umeinama kwa digrii 1 zaidi. Mahali ambapo uso umepinda sana, mstari huo huinama upesi na mwendo unaohitajika ni mfupi. Mahali ambapo uso umekaribia kuwa bapa, inabidi uende mbali zaidi ndipo upate badiliko lilelile.

Ncha za dunia zimebonyea, kwa hiyo huko uso ni bapa zaidi, na digrii 1 ya latitudo ni ndefu: kilomita 111.69. Kwenye ikweta, ukielekea kaskazini au kusini, uso umepinda zaidi na digrii 1 ni kilomita 110.57. Mtu anayetarajia digrii iwe fupi nchani, kwa vile ncha iko karibu zaidi na kitovu, hushangaa kuona mambo yamegeuka. Wanasayansi wa Ufaransa walilibishania jambo hili katika karne ya 18, na msafara wa Maupertuis uliotumwa Laplandi mwaka 1736 ulirudi na kipimo kilichoonyesha kwamba digrii ya kaskazini ni ndefu kuliko ile ya Ufaransa. Hiyo ndiyo iliyokuwa dalili ya dunia iliyobonyea nchani.

Nusukipenyo cha mpindo katika uelekeo wa kaskazini na kusini ni takriban kilomita 6,335 kwenye ikweta na kilomita 6,400 kwenye ncha. Pengo hilo ni la kilomita 64, mara tatu ya zile 21 za umbo lenyewe. Ndiyo maana njia fupi ya kaskazini-kusini karibu na ikweta huzidishwa na tufe kwa asilimia 0.56, na njia fupi karibu na ncha hupunguzwa kwa asilimia 0.45, wakati njia inayofuata ikweta kuelekea mashariki hupunguzwa kwa asilimia 0.11 tu. Mahali palepale kwenye ikweta, kugeuka tu kutoka mashariki kwenda kaskazini kunabadili hata alama ya kosa, kutoka kupunguza kwenda kuzidisha.

Sasa fuata njia ya pili hatua kwa hatua, kutoka ikweta kwenda Ncha ya Kaskazini, huku ukijumlisha kosa unavyokwenda. Digrii 10 za mwanzo zina urefu wa kilomita 1,105.9 juu ya elipsoidi, ilhali tufe inasema 1,111.9. Tayari tufe imezidisha kwa kilomita 6.1. Kosa linaendelea kukua, ila kila digrii inaongeza kidogo kuliko iliyotangulia, kwa sababu uso unazidi kuwa bapa na kukaribia mpindo wa tufe. Ukifika takriban latitudo 48, mpindo wa elipsoidi unalingana na ule wa tufe ya kilomita 6,371, na hapo kosa lililokusanyika limefikia kilele chake, kilomita 18.9. Kuanzia hapo kila digrii ni ndefu kuliko tufe inavyodhani, na deni linaanza kulipwa. Digrii 10 za mwisho, kutoka latitudo 80 hadi ncha, zina kilomita 1,116.8, na hizo peke yake zinarudisha kilomita 4.9. Ukifika nchani kosa limebaki kilomita 5.6.

Kwa maneno mengine, msafiri aliyeishia latitudo 48 ana kosa la kilomita 18.9 katika safari ya takriban kilomita 5,318, na aliyeendelea hadi mwisho wa kilomita 10,002 ana kosa dogo zaidi, mara tatu na zaidi. Njia ndefu hupita katika maeneo ambako tufe inazidisha na maeneo ambako inapunguza, na makosa hayo yanafutana. Njia inayobaki upande mmoja haina bahati hiyo. Ile njia yetu ya kwanza, kutoka 45 kusini hadi 45 kaskazini, ilikaa yote katika eneo la kuzidisha. Ya nne, ile ya kuvuka ncha, ilikuwa karibu yote katika eneo la kupunguza. Ukitaka kukadiria kosa la njia fulani kabla ya kulihesabu, usiulize kwanza ina kilomita ngapi. Uliza inapita latitudo gani na inaelekea upande gani.

Njia hizi zinafaa pia kama kipimo cha kuitambua programu usiyoijua undani wake. Iombe umbali kati ya latitudo −45 na latitudo 45 kwenye longitudo ileile. Ikijibu kilomita 9,969.9, inatumia elipsoidi. Ikijibu 10,007.5, ni tufe ya kilomita 6,371. Ikijibu 10,018.8, kuna mtu aliyechukua nusukipenyo cha ikweta, 6,378.137, akakitumia kwa dunia nzima. Kosa limepanda hadi kilomita 49. Na ikijibu 10,000.8, hiyo ni tufe ya mabaharia, ambayo kila dakika moja ya pembe huhesabiwa kuwa maili moja ya baharini ya mita 1,852 kamili. Dakika halisi ya latitudo ni takriban mita 1,843 kwenye ikweta na mita 1,862 kwenye ncha, kwa hiyo nayo ni wastani uliokubaliwa tu. Kwa anayetumia Paithoni, jibu la elipsoidi linapatikana hivi:

```python
from geographiclib.geodesic import Geodesic

g = Geodesic.WGS84.Inverse(-45, 30, 45, 30)
print(g["s12"] / 1000, g["azi1"])
```

Swali la lini kosa hili lina maana lina majibu yanayotofautiana sana. Nadhani mahali pa kuanzia ni pale ambapo watu wengi hulikuza kupita kiasi, yaani kwenye safari za ndege. Tuseme njia ya kilomita 10,000 imekosewa kwa kilomita 30. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, hizo ni dakika 2. Upepo ukitofautiana na utabiri kwa wastani wa kilomita 20 tu kwa saa, katika safari ya saa 11 ndege itakuwa mbele au nyuma kwa zaidi ya kilomita 200. Tena ndege haifuati njia fupi kabisa. Inakwepa anga zilizofungwa, inatafuta upepo wa nyuma, na inapita pale inaporuhusiwa. Kuna jambo lingine linalosahauliwa: urefu wa elipsoidi umepimwa usoni, wakati ndege iko juu. Kwenye kimo cha kilomita 11, kila njia inarefuka kwa takriban asilimia 0.17, ambayo katika kilomita 10,000 ni kilomita 17. Anayeng'ang'ania elipsoidi kwa ajili ya mafuta ya ndege huku akikisahau kimo amerekebisha kosa moja na kuliacha lingine la ukubwa wa aina hiyohiyo. Kwa kukadiria muda wa safari, tufe inatosha, nami sioni sababu ya kumlaumu anayeitumia.

Hali inabadilika mara tu umbali unapowekewa mpaka wa kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unalipatia taifa la pwani eneo maalumu la kiuchumi lisilozidi maili 200 za baharini kutoka mistari ya msingi. Hizo ni kilomita 370.4. Pwani ikiwa karibu na ikweta na kuelekea kaskazini au kusini, asilimia 0.56 ya umbali huo ni zaidi ya kilomita 2, na ukanda wa upana huo, ukiunyoosha kwenye pwani ndefu, unakuwa eneo kubwa la bahari ambalo ama ni lako ama si lako. Hapa hakuna upepo wa kulimeza kosa. Njia yenyewe si ndefu sana, lakini kosa lina mahali mahususi linapoangukia.

Mfano mwingine wa aina hiyo uko kwenye sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu fidia ya abiria, namba 261. Fidia hubadilika kwenye kilomita 1,500 na kilomita 3,500, na sheria inaagiza umbali upimwe kwa njia ya duara kuu, yaani njia fupi kati ya nukta mbili juu ya uso wa dunia. Nilijaribu kuona tufe ingeleta athari gani katika latitudo hizo. Njia ya kaskazini-kusini kutoka latitudo 28 hadi 60 ina kilomita 3,555.6 juu ya elipsoidi na 3,558.2 juu ya tufe. Tofauti ni kilomita 2.6 tu, kwa kuwa njia hiyo inazunguka latitudo 48, pale tufe inapokubaliana na elipsoidi. Kwa hiyo karibu safari zote zitabaki upande uleule wa mpaka bila kujali fomula, na zile chache zilizo ndani ya kilomita kadhaa za mpaka ndizo zinazohitaji hesabu ya elipsoidi. Huu ndio utaratibu ninaoupendelea: pima kwa tufe kwanza, na jibu likiwa limeukaribia mpaka kwa chini ya asilimia 0.6, rudia kwa elipsoidi. Fomula ya elipsoidi siku hizi ni ya haraka kiasi kwamba mtu anaweza kuitumia daima, lakini kujua ni wapi inahitajika kunamsaidia anayekagua kazi ya mwingine.

Mpaka sasa nimezungumzia urefu. Kwenye njia ndefu kupita zote, zile zinazokaribia upande wa pili kabisa wa dunia, urefu unakuwa jambo dogo na uelekeo ndio unaopotea.

Juu ya tufe, ukiwa na nukta mbili zinazotazamana kikamilifu kupitia kitovu, kila uelekeo unaoanza nao unakufikisha kwa umbali uleule, kilomita 20,015. Juu ya elipsoidi sivyo. Kutoka nukta moja ya ikweta hadi nukta iliyo kinyume chake, kufuata ikweta ni kilomita 20,037.5, ilhali kupita juu ya ncha ni kilomita 20,003.9. Njia fupi inapanda hadi nchani. Hata kabla ya kufika digrii 180, ikweta inakoma kuwa njia fupi: tofauti ya longitudo ikizidi takriban digrii 179.4, inalipa kuiacha ikweta na kupitia kaskazini au kusini.

Chukua basi nukta moja yenye latitudo 0 na longitudo 0, na ya pili yenye latitudo 0.5 kaskazini na longitudo 179.5 mashariki. Tufe inatoa kilomita 19,936.46. Elipsoidi inatoa kilomita 19,936.29. Katika karibu kilomita 20,000 zimepishana kwa mita 170 hivi, na mtu anayelinganisha urefu pekee atatangaza kwamba tufe imefanya kazi nzuri ajabu. Sasa angalia uelekeo wa kuanzia. Tufe inasema ondoka kwa digrii 45 kutoka kaskazini. Elipsoidi inasema ondoka kwa digrii 25.7. Njia ya kwanza inafika kilele chake kwenye latitudo 45, na ya pili kwenye latitudo 64. Katikati ya safari, njia hizo mbili zimetengana kwa zaidi ya kilomita 2,100.

Kinachoeleza jambo hili ni kwamba karibu na upande wa pili wa dunia, njia nyingi zina urefu unaokaribiana mno. Anayefuata uelekeo wa tufe katika mfano huu, akafika pale alipokusudia, atakuwa amesafiri kilomita chache tu zaidi ya anayefuata njia fupi ya kweli. Kwa hiyo mbonyeo mdogo wa dunia, ambao kwenye njia ya kawaida unasogeza mstari kwa umbali mdogo, hapa unatosha kuamua njia itapita bara gani au bahari gani. Anayeelekeza antena ya masafa marefu, au anayefuatilia mawimbi ya tetemeko yaliyozunguka dunia ili ajue yamepita chini ya maeneo gani, ataathirika na hilo kuliko na mita 170.

Nukta za aina hii ndizo pia zinazoivunja hesabu yenyewe. Fomula ya Vincenty, iliyochapishwa mwaka 1975 na ambayo bado imo katika programu nyingi, hukisia jibu kisha kulirekebisha mzunguko baada ya mzunguko hadi litulie. Kwenye njia za kawaida hutulia baada ya mizunguko michache na usahihi wake ni wa chini ya milimita 1. Kwenye mfano wetu wa longitudo 179.5 huhitaji mizunguko zaidi ya 100. Sogeza longitudo hadi 179.7 na haitulii kabisa. Marekebisho yanayumba huku na huku bila mwisho. Programu iliyoandikwa vizuri itasema imeshindwa. Nyingine hukatisha mizunguko kimyakimya na kurudisha namba ya mwisho iliyokuwa nayo, au huirudia tufe bila kumjulisha mtumiaji. Jibu sahihi kwa nukta hiyo ya 179.7 ni kilomita 19,944.127, tufe inatoa 19,950.2, kwa hiyo kilomita 6 za ziada ni dalili kwamba programu imekimbilia kwenye tufe.

Charles Karney alichapisha mwaka 2013 mbinu ambayo hutulia kwa kila jozi ya nukta. Kwa nukta zinazokaribiana na upande wa pili, hutengeneza kwanza makisio mazuri ya uelekeo kwa kutatua tatizo dogo la jiometria lililo karibu na nukta kinyume, kisha huboresha makisio hayo kwa mbinu ya Newton. Ndiyo iliyo ndani ya maktaba ya GeographicLib niliyoitumia katika mistari ya programu hapo juu. Ukiwa na programu ya zamani na njia zako zinaweza kuwa na tofauti ya longitudo inayozidi digrii 179, ijaribu kwa jozi hizo mbili, ya 179.5 na ya 179.7, na usiishie kusoma urefu: soma na `azi1` pia, yaani uelekeo wa kuanzia. Kwenye jozi ya kwanza itoke 25.7, ikitoka 45, programu hiyo inahesabu kwa tufe, hata kama kilomita zake zinakaribia kabisa ukweli.